Uzi: Waranti ya miezi 12 kwenye betri za sola imeniletea wateja, sasa imeniletea kesi

MuuzaSola_Arua

Habari za jioni ndugu zangu. Nina duka la vifaa vya sola hapa Arua, Uganda, huu ni mwaka wa nne. Naomba mnisaidie mawazo, na nitasema kila kitu kama kilivyo.

Betri inayotoka zaidi kwangu ni ya jeli, volti 12, ampea-saa 100. Naiuza 640,000. Mtaa wa pili kuna mwenzangu anayeuza ya ukubwa huohuo kwa 570,000. Zamani mteja alikuwa akiingia, anaishika betri, anauliza bei, anatoka. Nilidhani wote wanakwenda kwa yule wa 570,000. Siku moja nikaanza kuwauliza wanaotoka mikono mitupu, na wengi wao hawakuwa wakienda kwake wala kwa mtu mwingine. Walikuwa wanarudi nyumbani na hela zao. Mmoja aliniambia, "Ile ya kwanza ilikufa kwa miezi minane. Nitajuaje kama hii nayo haitakufa?" Bei hakuitaja hata kidogo.

Nikaenda Kampala, nikachapisha kadi pale Nasser Road: waranti ya miezi 12, ikifa tunabadilisha hapahapa Arua, hatuipeleki Kampala. Na siku 7 za kurudisha. Bei sikupunguza hata shilingi. Mwaka wa kabla ya kadi niliuza betri 34. Mwaka wa kadi niliuza 60.

Sasa kesi yenyewe. Wiki iliyopita mwenye kibanda cha video kutoka upande wa Nebbi amenirudishia betri ya miezi saba. Nimeipima, volti 10.4. Kadi yangu ina mstari unaosema waranti inakufa ukiunganisha inveta moja kwa moja kwenye betri, na yeye ndivyo alivyounganisha. Hakatai. Nikimkatalia, kadi iko upande wangu, lakini watu 11 wa huko wamenunua kwangu kwa maneno yake. Nikimbadilishia, nitakuwa nimejionyesha kwamba ule mstari ni mapambo tu.

Nifanye nini na huyu, na kadi niiandikeje upya?

BeiMoja_Kla

Kosa lako ni miezi 12. Andika miaka miwili, kwa herufi kubwa, uibandike mlangoni. Mtu akiona miaka miwili anajua unaiamini mali yako. Anayeuza feki hawezi kuandika hivyo kwa sababu zitamrudia zote na atafilisika. Hapo umeshamshinda yule wa 570,000 bila kugombana naye. Na huyo wa Nebbi mpe betri, usifikirie mara mbili.

FundiKoboko

Ndugu wa Kampala ana ukweli kwenye lile la feki. Waranti ndefu ni mzigo ambao muuzaji wa mali mbovu hawezi kuubeba, na mteja analijua hilo hata kama hajasoma. Lakini betri si pasi ya umeme. Betri ya risasi, na hii ya jeli ni mojawapo, inaisha kwa kutumika, hata ikitoka kiwandani nzima kabisa.

Nimefunga sola miaka mingi kutoka Koboko mpaka Moyo, nitawaambia ninachokiona. Betri hizi za jeli tunazoletewa, ukiitumia nusu tu kila siku kisha ukaijaza, unaweza kupata mara 500 hivi. Ukiikamua karibu yote kila usiku, hesabu mara 300 au pungufu. Mara 300 kwa mtu anayefungua kila siku ni miezi kumi. Weka na joto: kila nyuzi 10 zinazopanda juu ya 25, maisha yake yanapungua karibu nusu. Sasa miaka miwili kwa kibanda cha video ni kuuza betri mbili kwa bei ya moja. Kwa lithiamu ni mazungumzo mengine, ile inavumilia kukamuliwa mara elfu mbili na zaidi, hapo miaka miwili hata mitatu inawezekana.

Sasa, MuuzaSola, usikasirike, lakini mstari wako wa inveta si sahihi. Nani aliuandika? Inveta mahali pake ni kwenye betri, kwa waya mnene mfupi wenye fyuzi. Zile tundu za mzigo kwenye kontrola ndogo, kile kidude kinachosimamia chaji kati ya paneli na betri, zinabeba ampea 10, 20, labda 30. Inveta ya wati 500 ikifanya kazi yake yote inavuta zaidi ya ampea 40. Anayeiunganisha kwenye kontrola ndiye anayeunguza kitu. Kwa hiyo kadi yako inamwadhibu mtu aliyefunga vizuri.

MuuzaSola_Arua

Fundi, nashukuru, na naona aibu kusema niliunakili kutoka kadi ya duka jingine. Nilichoelezwa ni kwamba inveta ikiwa kwenye betri moja kwa moja, kontrola haiwezi kuizuia isiikamue.

FundiKoboko

Hilo la mwisho ni kweli, ndiyo maana watu wanachanganya. Kontrola inakata mzigo betri ikishuka, lakini mzigo uliopita kwake tu. Inveta ina king'ora chake na inajizima yenyewe, ila nyingi zinajizima kwenye volti 10.5, na hapo betri imeshaumia zamani. Dawa ni inveta ambayo kiwango cha kukata kinarekebishwa, ukakiweka 11.5 au zaidi kidogo, au kile kipima volti kidogo cha namba nyekundu kinachobanwa ukutani. Mwenye nyumba akiona 12.0 na mzigo ni mdogo, azime.

Kuhusu hiyo 10.4, usiamue kwa namba hiyo. Betri iliyoletwa ikiwa tupu haikuambii kitu. Ichaji kwanza kwa chaja ya ukutani, ampea 10, mpaka ifike 14.4 na ampea zishuke zenyewe zikaribie kuisha. Itoe, iache usiku mzima bila kuigusa. Asubuhi pima.

Ikikaa 12.7 au 12.8, na ikapita kipimo cha balbu nitakachokieleza hapa chini, ilikuwa na njaa tu. Huenda paneli yake ni ndogo au ina kivuli. Hapo huna cha kubadilisha, una cha kumfundisha.

Ikikataa kupita 10.7 au hapo karibu, chumba kimoja kimekufa. Ndani kuna vyumba sita, kila kimoja volti 2 na kidogo, kwa hiyo kikifa kimoja unapoteza hizo mbili wazi.

Ikifika 12.5 na zaidi, iwekee balbu ya wati 100 ya volti 12 uangalie saa. Inavuta kama ampea 8 na nusu, betri nzima inapaswa kwenda saa tano au sita kabla hujaingia nusu ya pili. Ikianguka chini ya 11.5 ndani ya saa moja, imechoka, imekamuliwa na kuachwa tupu.

Na iangalie kwa macho. Ubavu ukivimba ni joto au kuchajiwa kupita kiasi, mara nyingi mtu ameunganisha paneli bila kontrola.

MamaZubeda_Busia

Asanteni kwa uzi huu, mimi pia nina shida hiyohiyo. Nilinunua friji Kampala, nikaambiwa waranti mwaka mmoja. Mwezi wa tatu ikaacha kugandisha. Nikapiga simu, wakasema niilete. Kutoka Busia mpaka Kampala na friji! Nililipa gari 150,000 kwenda, wakaishikilia wiki tatu, nikalipa tena kuirudisha. Samaki wangu wote wa wiki ya kwanza waliharibika. Je, naweza kudai hela ya usafiri na ya samaki? Wao wanasema kadi haisemi usafiri.

Msaidizi_wa_Sheria

Mama Zubeda, shikamoo. Uzi huu ni wa betri na wa upande wa muuzaji, lakini swali lako halipotezi muda wa mtu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 haisubiri kadi. Ukimweleza muuzaji kazi unayotaka, ukategemea ujuzi wake, bidhaa lazima ifae kazi hiyo. Kuhusu samaki utahitaji kuonyesha hasara kwa ushahidi, hapo sitakuahidi. Lakini kuna utaratibu wa madai madogo mahakamani, kwa kiasi kisichozidi shilingi milioni 10, na huhitaji wakili. Chukua risiti, kadi, na zile meseji zao.

Na wewe MuuzaSola, lisome hilo ukiwa mbele ya kaunta. Huyo wa kibanda alikwambia anakwenda kuendesha kibanda? Kama alikwambia, na wewe ukamchagulia betri moja ya ampea-saa 100, swali la kwanza si alivyounganisha waya. Ni kama betri ulimpa inayofaa.

MuuzaSola_Arua

Aliniambia. Aliniambia kabisa, runinga ya inchi 32, dekoda, na spika mbili.

FundiKoboko

Basi tuihesabu. Hizo zote pamoja weka wati 150. Inveta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo betrini zinatoka ampea 14 mpaka 15. Kwa muda wa saa sita kila usiku ni karibu ampea-saa 88. Kutoka kwenye betri ya 100! Anaikamua mpaka chini kila siku iendayo kwa Mungu. Alihitaji mbili, na paneli za kuzijaza. Betri ingekufa kwa yeyote.

Kibanda_Pakwach

Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme, mimi si huyo wa Nebbi lakini kazi yetu ni moja. Mnaongea miezi 12, miezi 24. Sisi hatuwazi hivyo tukiwa dukani.

Mimi nawaza Jumamosi. Mechi kubwa ikichezwa napata watu 50, elfu moja moja. Betri ikifa Alhamisi, muuzaji akasema "acha nikutumie Kampala, wiki mbili", hata kama atanibadilishia bure nimeshapoteza Jumamosi mbili, na watu wangu wamehamia kibanda cha jirani. Wengine hawarudi tena. Hiyo 70,000 mnayotofautiana na mtaa wa pili, naipoteza jioni mbili.

Kwa hiyo nikiingia dukani ninachouliza moyoni ni kimoja: ikifa, nitalala giza siku ngapi? Kadi nyingi hazijibu hilo. Kwa nini nisome miezi kabla sijajua ni siku ngapi? Nilinunua kwa mtu mmoja, naye pia si wa kubandika miaka mlangoni. Nilimwamini kwa sababu aliniambia, "Ukiniletea mbovu, unaondoka na hii," akanionyesha betri kuukuu ya kuazima iko nyuma ya mlango imechajiwa. Niliigusa kwa mkono. Nikalipa siku hiyohiyo.

MuuzaSola_Arua

Ndugu wa Pakwach, umenifungua macho. Mimi niliandika "tunabadilisha hapahapa Arua" bila kujua kwamba huenda hayo maneno ndiyo yaliyouza, si ile namba 12.

Naweka hesabu yangu hapa ili tuone kama naweza kubeba na betri za kuazima. Betri nainunua 530,000, nauza 640,000. Kati ya zile 60 zilirudi tano. Mbili hazikuwa mbovu, zilikuwa na njaa kama anavyosema Fundi, nikazichaji zikaenda. Moja muuzaji wa jumla alinibadilishia. Mbili zilibaki kwangu, kwa sababu yeye ananipa miezi sita tu, na anahesabu tangu siku niliyozichukua Kampala, si siku niliyoziuza. Hizo mbili ni 1,060,000. Nikauza vyuma chakavu 60,000 kila moja, ikabaki 940,000. Nauli za basi na wabebaji 60,000. Jumla milioni moja. Nikigawanya kwa betri 60 ni kama 16,700 kila betri.

Nilikuwa naogopa kuifanya hesabu hii. Kumbe nikiweka pembeni 20,000 katika kila betri ninayouza, waranti inajilipa, na mteja bado ananilipa 70,000 zaidi ya mtaa wa pili kwa kulala bila wasiwasi.

BeiMoja_Kla

Hesabu nzuri. Nakubali kwa betri miaka miwili ni mingi. Lakini angalia, hizo mbili zimekuuma kwa sababu ya muuzaji wa jumla, si kwa sababu ya wateja. Mbane huyo ahesabu tangu siku ya kuuza.

MuuzaSola_Arua

Nimejaribu. Anasema yeye hawezi kujua nimeiweka dukani siku ngapi na nimeitunzaje.

FundiKoboko

Na ana hoja. Betri ikikaa rafuni inajimaliza yenyewe polepole, na kwenye joto haraka zaidi. Umewahi kupima zilizopo dukani sasa hivi?

Mufanyabiashara_Ariwara

Bwana wa Arua, salamu kutoka ngambo, upande wa Kongo. Mimi nanunua kwako tatu, nne, nauza huku Ariwara sokoni. Kadi unanipa, lakini ile kadi ina jina langu. Mteja wangu akiniletea mbovu, mimi nabeba kwenye pikipiki mpaka mpakani, na pale wananiuliza hii betri ni ya nini. Huku kwetu tunasema garanti inaishia mpakani. Lakini mteja wangu naye anaogopa kama wa kwenu. Nimwambie nini?

Na ile siku 7 ya kurudisha, huku mtu anaweza kununua Ijumaa, apige muziki wa harusi Jumamosi, Jumatatu arudishe. Wewe haijakupata?

MuuzaSola_Arua

Imenipata mara mbili. Ya harusi moja, ya matanga moja. Ile ya matanga sikuweza kumwambia kitu yule mzee, nikampa hela yake.

Sasa nafikiria hivi: ndani ya siku 7, kama betri ni ndogo kwa kazi yako au umekosea, unabadilisha na kubwa zaidi, unaongeza tofauti. Hela taslimu ni kwa mbovu tu, iliyopimwa mbele yako. Anayekwenda harusini hatataka kubadilisha na kubwa, kwa hiyo hatakuja. Lakini mwanamke mmoja aliniambia ile siku 7 ya hela ndiyo iliyomfanya anunue, kwa sababu mume wake hakuwepo na aliogopa kugombezwa. Huyo nitampoteza. Sijaamua.

Msaidizi_wa_Sheria

Vyovyote utakavyoamua, mwambie kabla hajatoa hela, kwa mdomo, kwa lugha anayoisikia. Kadi yenye mistari kumi na tano ya "waranti itakufa endapo" inamwogopesha mteja kuliko kutokuwa na kadi. Mwanzoni hakujua betri inaweza kufa kwa njia kumi na tano.

MuuzaSola_Arua

Narudi na matokeo, siku nne baadaye.

Nimemwita mwenye kibanda, tukaichaji pamoja, ikalala usiku. Asubuhi yeye mwenyewe ndiye aliyeshika multimita. 10.7. Chumba kimoja kimekufa. Ubavu haujavimba, vichwa havina alama ya kuungua.

FundiKoboko

Hapo nitakuwa mkweli, hakuna anayeweza kukuapia. Chumba kinaweza kufa kwa kasoro ya kiwandani. Na kinaweza kufa kwa kukamuliwa kila siku, kile dhaifu kinatangulia. Betri imezibwa, hatuwezi kuifungua tuone.

MuuzaSola_Arua

Ndivyo nilivyomwambia na yeye. Kisha nikafanya ulichoniuliza, nikapima zilizoko rafuni. Nilizozichukua mwezi uliopita zina 12.8. Zilizokaa miezi mitano zina 12.3, nyingine 12.2. Nikafungua daftari: betri yake ilikaa kwangu miezi mitano kabla sijamuuzia, na sikuwahi kuichaji. Nilimuuzia betri iliyoanza kuchoka, ndogo kwa kazi yake, nikampa kadi yenye mstari wa uongo.

Nimembadilishia. Ameongeza hela, amechukua ya pili, fundi mmoja wa hapa Arua anakwenda kuzifunga sambamba na kuongeza paneli. Wakati tunasubiri waya, aliondoka na betri ya kuazima. Ninazo mbili sasa, ziko mbele dukani, zimechajiwa, kila anayeingia anaziona.

Kadi mpya ina vitu vichache. Namba ya betri. Volti zake siku ya kuuzwa, zimepimwa mbele ya mteja, na chini ya 12.6 haitoki dukani. Kazi atakayoifanyia na saa ngapi kwa siku, ameandika yeye. Miezi 12 kwa nyumba, miezi 6 kwa kibanda au kinyozi. Ikirudi, tunaichaji na kuipima pamoja kama Fundi alivyoeleza, na ndani ya siku hiyohiyo unaondoka na betri, yako au ya kuazima. Kipima volti nakibana bure. Na rafu nzima naichaji kila mwezi.

Kibanda_Pakwach

Miezi 6 kwa sisi wa vibanda umetubana.

MuuzaSola_Arua

Mkichukua mbili na kipima volti, nawapa 12. Mkichukua moja kwa kazi ya mbili, siwezi.

Mufanyabiashara_Ariwara

Na mimi wa ngambo?

MuuzaSola_Arua

Kaka, kadi sasa inafuata namba ya betri, haifuati jina. Mteja wako yeyote akiwa na kadi na betri yenye namba hiyo, mimi naipokea. Chukua na multimita, umpimie mbele yake siku unayomuuzia, uandike volti na tarehe kwenye nafasi ya pili. Lakini nauli ya kutoka Ariwara na maswali ya mpakani, hapo bado sijajua tugawaneje. Wewe kwa betri moja inakugharimu ngapi kuileta?

Mufanyabiashara_Ariwara

Nitakuandikia kesho, nikitoka sokoni. Wiki hii ninayo moja ya kurudisha, nitahesabu njia nzima.